Somo: Kuondoa vidoko vya mdomo na vishindo vya hewa katika usimulizi wa karibu na maikrofoni

Msimulizi anapokaa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, sauti yake husikika nzito na ya karibu, lakini pamoja nayo huingia kila kinachotokea mdomoni: midomo inayoachana, mate yanayokatika ulimini, na pumzi ya herufi p inayokipiga kiwambo cha maikrofoni moja kwa moja. Milio hiyo midogo ya mdomo ndiyo vidoko, na pigo hilo la pumzi ndilo kishindo cha hewa. Somo hili linatumia programu ya Audacity, toleo la 3.2 au la baadaye, na rekodi ya hezi 44,100, yaani vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, viitwavyo sampuli. Usafishaji huu hufanywa kabla ya kutumia kompresa, kwa kuwa kompresa huzipunguza sauti kubwa ili zile ndogo zipate kuinuliwa, na hapo kidoko kilichokuwa hakisikiki vizuri hujitokeza waziwazi. Kishindo cha hewa nacho huifanya kompresa iikandamize silabi inayokifuata.

Tuchukue sentensi moja fupi: «Baba alipofika pwani, alipumzika.» Ina kasoro tatu. Kuna mlio wa midomo baada ya mkato, kuna kidoko ndani ya irabu ya mwisho ya «alipumzika», na kuna kishindo kwenye p ya «pwani».

Hatua ya 1: Kuziona kasoro

Vaa hedifoni zinazofunika masikio, kwa sababu spika za kompyuta ndogo huficha vishindo vizito. Kisha fungua menyu iliyo kwenye jina la rekodi, uchague `Spectrogram`, yaani picha ya masafa ya sauti, na katika `Spectrogram Settings` weka `Window Size` kuwa 512. Kidoko kitaonekana kama uzi mwembamba uliosimama wima kutoka chini hadi juu, na kishindo cha hewa kitaonekana kama doa zito lililokaa chini kabisa.

Hapa pana mtego. Mpasuko wa t au k halisi nao huchora uzi wa wima, na mhariri mwenye haraka huufuta, msikilizaji akabaki na neno lililopungua konsonanti. Tazama mahali ulipo: mpasuko wa k hutanguliwa na ukimya mfupi na kufuatwa na irabu, ilhali kidoko huweza kukaa katikati ya irabu au peke yake ndani ya kituo. Ukiwa na shaka, cheza neno zima na usome maandishi yake kwa pamoja.

Hatua ya 2: Mlio wa midomo ndani ya kituo

Hii ndiyo kasoro nyepesi kuliko zote. Kabla ya kuanza kusimulia, rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba, maikrofoni ikiwa palepale. Nakili kipande cha ukimya huo chenye urefu sawa na mlio unaotaka kuuondoa, chagua mlio wenyewe, kisha bandika juu yake. Usitumie amri ya kunyamazisha, `Silence Audio`, kwa maana kila chumba kina mvumo wake, na mvumo huo ukikatika ghafla sikio hulitambua shimo hilo upesi kuliko mlio wenyewe ulivyotambulika.

Pumzi ya kawaida iache. Ukiiondoa kila mahali, msimulizi husikika kama mtu asiyevuta hewa.

Hatua ya 3: Kidoko ndani ya irabu

Rudi kwenye mwonekano wa wimbi na ukuze picha hadi uone sampuli mojamoja. Irabu ni umbo moja linalojirudia tena na tena, na kidoko ni mwiba unaolivunja umbo hilo. Uchague mwiba pekee, kisha fungua `Effect > Noise Removal and Repair > Repair`. Zana hii husoma sampuli zilizo kando ya ulipochagua na kuchora upya njia ya wimbi. Hukubali sampuli 128 tu kwa mara moja, yaani takriban milisekunde 3, na vidoko vingi hutoshea humo.

Katika «alipumzika» yetu, kidoko kina urefu wa milisekunde 8, kwa hiyo `Repair` haitoshi. Dawa yake ni kukata mzunguko mzima wa wimbi. Sauti ya mwanamume yenye hezi 110 hujirudia kila baada ya milisekunde 9 hivi. Basi chagua mzunguko mmoja unaokibeba kidoko chote, kuanzia pale wimbi linapovuka mstari wa sifuri likipanda hadi pale linapouvuka tena vilevile mzunguko unaofuata, kisha ufute. Irabu itafupika kwa milisekunde 9, kiasi ambacho sikio halikitambui. Ukisikia mtetemo mdogo mahali pa mshono, kingo hazikulingana: bonyeza `Ctrl+Z` na uchague upya.

Hatua ya 4: Kishindo cha hewa

Kwenye «pwani», chagua kuanzia ukimya ulio kabla ya p hadi pale mawimbi mapana ya chini yanapotulia, kwa kawaida milisekunde 50 hadi 100. Fungua `Effect > EQ and Filters > High-Pass Filter`, kichujio kinachopunguza masafa ya chini, kisha weka `Frequency` kuwa 150 na `Roll-off` kuwa 24 dB. Sikiliza. Kishindo kikibaki, tendua na upandishe hadi 200, badala ya kurudia kichujio juu ya kichujio. Ukingo wa kushoto uko kwenye ukimya, hivyo hauna tabu. Ukingo wa kulia uko ndani ya sauti, na huko kichujio huweza kuacha ngazi ndogo inayosikika kama kidoko kipya. `Repair` fupi kwenye ukingo huo huiondoa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini tusitumie `Click Removal` kwenye faili zima tukaokoa muda?*

Ndugu, zana hiyo ililengwa hasa mikwaruzo ya sahani za santuri. Ukiilegeza huviacha vidoko vingi vya mdomo, na ukiikaza huanza kula ncha za t na k. Itumie kwenye sentensi moja iliyojaa vidoko, kisha ulinganishe na rekodi ya awali.

*Mimi nasimulia kwa lafudhi ya Mombasa. Je, kichujio hakitaiondoa pumzi ya «paa» mnyama, akasikika kama paa la nyumba?*

Hakitaiondoa, na swali lako ni la msingi. Pumzi inayotofautisha maneno hayo husikika zaidi katika masafa ya juu, ilhali kishindo kiko chini ya hezi 200. Jihadhari na njia nyingine ambayo wengi hupenda, ya kuweka `Fade In` mwanzoni mwa p: hiyo hupunguza masafa yote kwa pamoja, na pumzi hiyo hufifia nayo.

*Vidoko vyangu ni vingi mno, kila mstari. Nifanye nini?*

Dada, anzia kwenye kiti cha kurekodi. Kunywa maji kidogokidogo tangu saa moja au mbili kabla, kwani mdomo mkavu ndio unaozalisha mate ya kunata. Baadhi ya wasimulizi hutafuna tofaa la kijani wakati wa mapumziko. Maikrofoni nayo iweke kando kidogo ya mdomo, ikiwa imekuelekea kwa pembe, ili hewa ya p ipite mbele yake bila kukipiga kiwambo.

*Kishindo kimoja nimekichuja hadi hezi 300 lakini bado neno linakwaruza.*

Kuza wimbi na utazame vilele vyake. Vikiwa vimekatwa tambarare, maikrofoni au kinasa kilizidiwa wakati wa kurekodi, na mkwaruzo huo umesambaa hadi kwenye masafa ya juu ambako kichujio hiki hakifiki. Tafuta «p» nzuri ya neno hilohilo kwingineko katika sura hiyo uibandike, au urekodi sentensi upya.