Bima ya mali ya duka: angalia thamani ya msimu wa korosho

Wenye maduka Masasi, Newala na Mtwara mjini, wengi wetu tunakata bima ya moto mwezi Machi au Aprili, rafu zikiwa nusu tupu, na tunaandikisha thamani ya siku ile. Kuanzia Oktoba minada ya korosho inaanza, wakulima wanalipwa, nasi tunajaza mabati, saruji na magodoro hadi stoo. Bima imebaki ileile.

Tuseme uliandikisha milioni 30. Novemba stoo inaungua na bidhaa za milioni 20 zinateketea. Utadhani unalipwa 20 yote, maana iko chini ya 30. Hapana. Mkadiria hasara anapiga hesabu ya mali yote iliyokuwepo dakika moja kabla ya moto, hata ile iliyopona. Akikuta ni milioni 50, kipengele cha wastani kinafanya kazi: ulikatia bima 30 katika 50, kwa hiyo hasara unalipwa kwa uwiano huohuo.

20 × 30 ÷ 50 = milioni 12

Milioni 8 ni zako, na bado hujakatwa kiasi cha awali cha hasara unachobeba mwenyewe, kilichoandikwa kwenye mkataba.

Andikisha thamani ya juu kabisa ya mwaka, kwa bei ya kununulia bidhaa, au omba nyongeza ya maandishi kabla mzigo wa Oktoba haujashuka. Daftari la stoo na risiti vihifadhi nyumbani. Vikiungua na duka, utathibitishaje hiyo milioni 20?