Somo: Mlinzi wa pagale na chumba cha "bure"

Wenye viwanja vya Chanika na Kigamboni wanaijua hii. Nyumba imefika kwenye linta, hela imekata, unamtafuta kijana akae kwenye banda alinde nondo na mifuko ya saruji. Kodi halipi. Baada ya miaka mitatu mnagombana, kwa sababu hakuna aliyesema banda lile lina thamani gani.

Hatua ya 1: Ulizeni kodi ya mtaani. Nendeni kwa majirani wawili watatu au kwa dalali. Linganisheni vya aina moja tu, maana banda la mabati lisilo na umeme si sawa na chumba chenye LUKU. Tuseme mmepata 40,000.

Hatua ya 2: Tenganisheni hela na chumba. Mkikubaliana kazi ni 130,000 kwa mwezi, andikeni: "Taslimu 90,000, na chumba chenye thamani ya 40,000." Hiyo taslimu isishuke chini ya kima cha chini kinachotumika sasa. Serikali yenyewe huhesabu malazi: amri ya mishahara ya 2022 ilimpa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri 60,000, asiyelala 120,000.

Hatua ya 3: Andikeni kwamba anakaa kwa ruhusa ya mwenye eneo kwa sababu ya kazi, nani ananunua umeme, na kazi ikiisha ana siku ngapi za kuhama. Nakala mbili, sahihi, shahidi mmoja kila upande.

MASWALI

Swali: Mwalimu, bosi yuko Omani, hajatuma hela miezi mitano. Nikimpigia ananiambia, "Si unakaa bure?"

Jibu: Kwa mfano wetu, kaka, anadaiwa 90,000 mara tano, yaani 450,000. Chumba kimeshalipia 40,000 zake kila mwezi, hakiwezi kulipia na zile nyingine. Nenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, usichelewe, madai ya namna hii yana siku 60.

Swali: Sisi hatukuandika chochote. Nimeshakosa?

Jibu: Hapana, dada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri aandike malipo pamoja na yale yasiyo ya fedha. Asipoleta maandishi kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Tunza ujumbe wa simu na miamala.

Swali: Mimi ndiye mwenye nyumba. Mlinzi kakaa miaka kumi, naogopa atasema kiwanja chake.

Jibu: Mzee wangu, anayekaa kwa ruhusa yako hana madai hayo, hata ipite miaka 12. Ila ruhusa ya mdomo utaithibitishaje? Andikeni leo, mweke na tarehe aliyoingia.