Kichwa cha ukurasa wa gharama: kumjibu anayeuliza "bei gani" bila kuandika bei

Mwenye kampuni ndogo ya kuchimba visima mkoani Pwani alinipigia akilalamika kwamba wateja wanamgombeza. Kila wiki kuna mtu anamtumia picha ya skrini yenye kichwa cha ukurasa wake: `Kuchimba Kisima Sh 80,000 tu kwa Mita`. (Tarakimu nimeibadilisha, iliyobaki ni kama ilivyokuwa.) Bei ile aliiacha zamani, na kwenye ukurasa wenyewe alikwishaifuta, lakini kwenye kichwa ilibaki, na kwenye magrupu ya WhatsApp iko hadi leo. Ukituma kiungo WhatsApp, kile kisanduku chenye kichwa na picha hutengenezwa wakati wa kutuma na kubaki ndani ya ujumbe. Tovuti ukiibadilisha kesho, ujumbe wa jana haubadiliki.

Hapa naonyesha jinsi tulivyoutengeneza upya ukurasa huo. Ukiwa unaandikia fundi wa sola, kampuni ya kuhamisha vyombo au kliniki ya meno, hatua ni zilezile, ila maneno utayachukua kwa wateja wa kazi hiyo.

Hatua ya 1: Chukua maneno ya wanaouliza

Fungua Search Console, ingia `Performance`, ongeza kichujio cha `Query`, chagua `Custom (regex)`, kisha bandika mstari huu:

```
\bbei\b|gharama|garama|ghalama|ngapi|kiasi gani
```

`garama` na `ghalama` nimeziweka kwa makusudi, maana watu huandika kama wanavyotamka. Hizo ni za kukusaidia kuona maswali tu, usije ukaandika kichwa chenye makosa ya tahajia ukidhani unawafuata wateja. Nayo `ngapi` isome kwa macho kabla ya kuihesabu. Anayeandika "kisima kinachimbwa mita ngapi" anataka kujua kina, hata kama mwisho wa safari kina hicho ndicho kitakachompa bei.

Kama tovuti ni mpya na ripoti haina kitu, fungua simu ya ofisi na usome ujumbe wa kwanza wa wateja thelathini wa mwisho. Huyo mteja wangu alikuwa na hazina kubwa humo kuliko kwenye ripoti: "kisima mnachimba bei gani", "kwa mita ni sh ngapi", "gharama yote mpaka maji yatoke", na lile ambalo hakuwahi kulijibu popote, "mkikosa maji nalipa?"

Hatua ya 2: Tafuta wanauliza kiasi cha nini

Kazi kubwa iko hapa, na wengi huiruka. Maswali yote ya "bei gani" yanafanana kwa nje, lakini yanaulizia hesabu tofauti. Kwenye visima tulipata tatu.

Wa kwanza anauliza bei ya kipimo: mita moja ni kiasi gani. Ameshaongea na wachimbaji wengine na analinganisha. Shida ya kipimo hiki ni kwamba kila mchimbaji ana mita yake. Mmoja anapotaja bei ya mita amejumlisha kesingi, yaani yale mabomba yanayozuia kuta za kisima zisibomoke, na mwingine kesingi anaitoza pembeni. Bei mbili zikiwekwa kwenye vichwa viwili vya kurasa zinaonekana kama zinashindana, kumbe zinataja bidhaa mbili.

Wa pili anauliza gharama yote, kuanzia kupima maji ardhini, kuchimba, kesingi, kusafisha kisima, kupima wingi wa maji, hadi pampu na tangi. Huyu kiwanja anacho, pengine nyumba iko kwenye msingi, na anapanga bajeti. Neno lake ni "gharama" mara nyingi kuliko "bei". Kiswahili kinatusaidia hapa: bei ni ya kitu kimoja, gharama ni jumla ya ulichotumia. Wateja hawaifuati tofauti hiyo kila mara, lakini wanaifuata vya kutosha kuamua neno lipi litangulie.

Wa tatu anauliza hatari: kisima kikitoka kikavu, fedha yake inakuwaje. Huyu hana haja ya kutajwa kwenye kichwa, ila mpe kichwa kidogo chake ndani ya ukurasa.

Wawili wa kwanza wanaweza kukaa ukurasa mmoja, kwa sababu anayejua bei ya mita atauliza tu jumla baadaye. Usitengeneze kurasa mbili, moja ya "bei" na nyingine ya "gharama", zikisema mambo yaleyale. Zitagombania swali moja.

Hatua ya 3: Andika umbo la bei, tarakimu iache

Anayeuliza "shilingi ngapi" anataka dalili kwamba akibofya atapata hesabu. Tarakimu ni dalili moja. Dalili nyingine ni kumtajia vipande vya hesabu yenyewe: analipia kwa kipimo gani, na ni vitu gani vinaongeza. Vipande hivyo havichakai. Mita itabaki mita hata dizeli ikipanda.

Hivi ndivyo tulivyotoka kichwa kimoja hadi kingine.

`Huduma Bora za Uchimbaji Visima kwa Bei Nafuu` tulikitupa mara moja. Hakuna anayetafuta "uchimbaji visima kwa bei nafuu" akitarajia hesabu, na "nafuu" ni bei iliyofichwa: inachakaa vilevile, tena haina ushahidi.

`Kuchimba Kisima Kuanzia Sh...` mteja alikipenda sana. Nilimkatalia. Neno "kuanzia" msomaji halioni, anaona tarakimu. Akija kuambiwa eneo lake ni mwamba na bei ni nyingine, anajiona amedanganywa, na kwa sehemu ana haki.

`Gharama za Kuchimba Kisima 2024` ni tarakimu nyingine iliyovaa nguo za kalenda. Mwaka unakubalika tu kama kuna mtu mwenye jina, ofisini, anayeubadilisha pamoja na jedwali la bei kila Januari. Kubadilisha mwaka bila kugusa bei ni vibaya kuliko kuuacha wa zamani, kwa sababu sasa umeidhinisha bei iliyokufa.

`Gharama za Kuchimba Kisima: Bei kwa Mita, Bomba na Pampu` kilikuwa kizuri: maneno yote mawili yamo, kipimo kimo, na mtu anajua atapata mchanganuo. Tulikipunguza kidogo tu ili mkoa uingie, kwa sababu mtambo wake hauendi Mwanza:

`Gharama za Kuchimba Kisima Pwani: Mita, Bomba na Pampu`

Herufi 54 pamoja na nafasi. Google haijaweka kikomo cha urefu, lakini kwenye matokeo kichwa hukatwa kulingana na upana wa skrini, kwa hiyo huduma na neno la gharama yakae mbele. Kikikatwa, bora ipotee pampu. Jina la kampuni hatukuliweka, kwa sababu anayeuliza bei bado hajachagua kampuni.

Kuna kazi ambazo bei kwenye kichwa haina neno: ada iliyowekwa kwa tangazo la serikali, na ambayo kila ofisi inatoza sawa. Hata hizo, weka alama ya kuzikagua kila tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unapoanza.

Hatua ya 4: Safisha kila mahali Google inapookota kichwa

Google hailazimiki kutumia kichwa ulichoandika. Inaweza kuchukua maneno ya `<h1>`, ya `og:title`, au hata ya viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa huo, hasa ikiona kichwa chako hakilingani na kilichomo. Kwa hiyo ukifuta bei kwenye `<title>` ukaiacha kwenye `<h1>`, siku moja utaikuta imerudi kwenye matokeo. Sisi tuliweka hivi:

```html
<title>Gharama za Kuchimba Kisima Pwani: Mita, Bomba na Pampu</title>
<meta property="og:title" content="Gharama za kuchimba kisima Pwani: unalipia nini">
<h1>Kuchimba kisima Pwani ni gharama gani?</h1>
```

Angalia pia maelezo mafupi ya ukurasa, anwani yake, na lile bango la juu lenye picha. Bango ndilo lililotushinda siku ya kwanza: bei ilikuwa imechorwa ndani ya picha, nasi tulikuwa tunatafuta maandishi.

Hatua ya 5: Weka tarakimu ndani, mahali pamoja

Kichwa kikiahidi hesabu na ukurasa ukasema "wasiliana nasi kwa bei", umemlaghai msomaji, naye atarudi kwenye matokeo kumbofya mwingine. Bei ziwepo, karibu na juu, kwenye jedwali moja lenye tarehe ya kusasishwa. Kwa kisima safu ni kupima maji ardhini, kuchimba kwa mita kwenye udongo na kwenye mwamba, kesingi, kusafisha na kupima wingi wa maji, kisha pampu. Chini yake weka mfano mmoja uliojumlishwa wa kisima cha kina unachokichimba mara nyingi, ukisema wazi kilichomo na kisichomo, pamoja na ada za kibali cha bodi ya maji ya bonde. Tarakimu isijirudie kwenye aya nyingine yoyote. Aya ikihitaji bei, ielekeze kwenye jedwali.

Hatua ya 6: Pima bila kujidanganya

Omba ukurasa usomwe upya kupitia `URL Inspection`, subiri, kisha utafute mwenyewe uone kichwa kipi kinaonyeshwa. Baada ya siku 28 linganisha na siku 28 za nyuma, kwa ukurasa huo na kichujio kile cha Hatua ya 1. Anza na nafasi ya ukurasa kwenye matokeo. Kama ukurasa umepanda au umeshuka, mibofyo imebadilika kwa sababu hiyo, kichwa usikisifu wala kukilaumu. Nafasi ikiwa ileile, ndipo utazame asilimia ya wanaobofya. Ukiwa na maonyesho machache, siku 28 hazikuambii kitu, ongeza muda. Ujue pia kwamba maswali ya nadra Google huyaficha kwenye ripoti, kwa hiyo jumla utakayoiona ni pungufu.

Kichwa chenye bei ya chini kinaweza kukushinda kwa mibofyo, nilimwambia mapema. Kwa hiyo tuliongeza kipimo cha pili, daftari la mapokezi: kila anayepiga simu, je, ameuliza "mita ni ngapi" au ameanza na kiwanja chake kiko wapi? Aliyesoma mchanganuo huanza na kiwanja.

Jedwali sasa linashikwa na karani wake. Mtambo na kompresa vinakula dizeli, na EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, basi Alhamisi yake karani anakaa na bosi, wanapiga hesabu, wanabadili safu mbili za kuchimba na tarehe. Kichwa hakiguswi.