Taa moja, daftari moja, watahiniwa wawili: panga haya kabla giza halijaingia

Nyumba yenye watoto wawili wanaosubiri mtihani wa form foo wa Novemba, mmoja yuko shule na mwingine anarisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, na taa ya sola ni moja, msianze tu kusoma, pangeni kwanza.

Taa ianikwe asubuhi juani, sio saa tisa mtu akishakumbuka. Kipaneli kisikae chini ya mwembe na kifutwe vumbi. Halafu siku ya wikiendi iwasheni kwenye mwanga mkali mpaka ififie yenyewe, mjue ni saa ngapi za kweli, maana zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za mwanga mdogo kabisa. Na mkumbuke Novemba huku Tanga ni vuli, siku ya mawingu chaji haijai.

Taa isogezeni karibu na karatasi. Ukipunguza umbali nusu, mwanga unaofika kwenye daftari unakuwa kama mara nne, kwa hiyo mnaweza kuweka swichi kwenye mwanga mdogo na bado mkaona. Anayeandika kwa mkono wa kulia taa ikae kushotoni kwake, asijitie kivuli.

Daftari la notsi msilichane! Kaunta buku imeshonwa, karatasi ya mbele na ya nyuma ni karatasi moja iliyokunjwa, ukivuta ukurasa wa mada ya kwanza mwenzake kule mbele analegea na kudondoka. Kama lazima mgawane, fungueni mgongo mtafute pale vifungu vinapokutana, kateni uzi hapo.

Sasa zamu, hapa ndipo watu wanaumizana. Kuna kaka na dada jirani zangu hapa Muheza, kaka mtu anarisiti, dada mtu ndo form foo yenyewe, notsi zote ni za dada. Taa yao ilikuwa inakaa saa nne kwenye mwanga mkali. Wakagawana vizuri kabisa kwa macho ya mtu yeyote: dada saa moja na nusu mpaka tatu na nusu, kaka tatu na nusu mpaka tano na nusu. Shida, dada anaosha vyombo na kumlaza mtoto mpaka saa mbili na robo, taa inawaka mezani anasoma nani? Hakuna. Akikaa amebakiwa na saa moja na robo, na kaka naye analalamika kwamba anachopewa yeye ni mwisho wa chaji, mvua ikinyesha mchana, saa nne usiku tu taa ishakuwa nyekundu. Kila mtu anaona kaibiwa, na wote wana haki.

Siku moja dada akamwambia, "Kaka, zamu yangu inaliwa na masufuria, wewe unahesabu saa ya ukutani." Kaka akajibu, "Basi mdogo wangu, taa isiwashwe mpaka ukae, na vyombo leo naosha mimi." Hapo ndo wakaanza upya, na safari hii hawakugawa saa, waligawa kazi. Wakaandika orodha mbili: vya kufanyia kwenye mwanga na vya kufanyia gizani. Hesabu, ramani za jiografia na michoro ya baiolojia, mwanga. Maana za maneno, sababu za matukio ya historia, hatua za usagaji chakula, giza.

Ikawa hivi: nusu saa dada anapiga hesabu kwenye taa, kaka amekaa pembeni gizani anajitajia kimoyomoyo sababu za mkutano wa Berlin wa 1884, bila kuangalia popote. Nusu saa ikiisha dada anafungua daftari, anamuuliza dakika kumi, alichosahau anamsomea. Halafu wanabadilishana viti. Yule wa gizani hapotezi kitu, kulazimisha kichwa kikumbuke bila daftari kunashikisha kuliko kusoma ukurasa uleule mara ya tatu, na ukikwama unajua palepale wapi hujui. Anayeanza kwenye taa leo, kesho anaanza gizani, maana kichwa cha saa mbili sio cha saa tano. Siku ya mawingu wote wanaanza na kazi za mwanga, kuulizana kunabaki mwisho, taa ikizima hakijaharibika kitu.

Angalizo: wanayosema kwa mdomo wayaandike mara mojamoja, mtu anaweza kutaja hatua zote vizuri halafu akaandika spelingi mbovu kwenye mtihani.

Kibatari cha akiba muwe nacho ila mbali na neti, na kisiachwe kinawaka mtu akisinzia. Mafuta ya taa msinunue kwa mtu anayepimia kwenye galoni la petroli, yakichanganyika yanaweza kulipuka kibatari kikiwashwa. Simu ya mama isitegemewe kama tochi, mama naye ana mambo yake. Penseli ichongwe mchana. Na mlango, jamani, fungeni, mbu na wageni wa saa tatu…