Kuhifadhi Video za Harusi kwa Nakala Tatu: Mpango Unaokua Fungu kwa Fungu

Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh inadai mambo matatu: kila faili iwe na nakala tatu, nakala hizo zikae katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na zile nyingine. Kwa picha chache kanuni hiyo haina taabu. Kwetu sisi tunaorekodi harusi hapa Mombasa, ugumu ni kwamba mkusanyiko hauachi kukua, na anayejaribu kuunakili wote upya kila mwezi huchoka kabla ya mwaka kwisha. Njia ninayoifuata ni kuugawa mkusanyiko katika mafungu yanayofungwa. Fungu likishafungwa halibadilishwi tena, kwa hiyo hunakiliwa mara moja tu.

Hatua ya kwanza: fungu liwe na kipimo

Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hutoa gigabaiti 45 kwa saa. Harusi moja ya Kizingo niliyoirekodi kwa kamera mbili ilinipa karibu gigabaiti 260 za video ghafi. Video hizo zote nazihifadhi katika diski mbili mpaka wenye harusi waipokee filamu na kuridhika, na kadi za kamera sizifuti kabla nakala hizo mbili hazijahakikiwa. Baada ya hapo nachagua kitakachobaki. Kwa harusi hiyo nilibakisha filamu ndefu ya saa mbili na nusu (gigabaiti 28), filamu fupi (6), na dakika 12 za video ghafi za nikaha na za wazee wakiomba dua (9). Jumla ni gigabaiti 43.

Kipimo hicho nakilenga kwa makusudi. Sahani ya Blu-ray ya gigabaiti 50 huonekana kwenye kompyuta kuwa na takribani 46.6 tu, kwa kuwa kompyuta nyingi huhesabu kwa vizidisho vya 1024. Ukihakikisha kuwa amri ifuatayo ya Linux haionyeshi zaidi ya 45G, fungu litaingia lote katika sahani moja:

```
du -sh --apparent-size 2025-07-12-kizingo
```

Hatua ya pili: funga fungu kwa orodha ya uhakiki

Kabla ya kunakili chochote, tengeneza orodha ya alama za uhakiki za faili zote zilizomo katika fungu, ambalo kwenye diski ya kazi ndilo nakala ya kwanza. Alama hiyo hukokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili, na hata biti moja ikigeuka, alama nayo hugeuka.

```
cd /media/kazi/2025-07-12-kizingo
find . -type f ! -name SHA256SUMS -exec sha256sum {} + > SHA256SUMS
```

Orodha hii husafiri pamoja na fungu popote linapokwenda. Kuanzia hapo usiongeze faili wala usibadilishe jina la faili yoyote. Mteja akirudi baada ya mwaka akitaka filamu irekebishwe, filamu mpya iingie katika fungu jipya.

Hatua ya tatu: nakala ya pili, katika diski isiyochomekwa

```
rsync -avh --ignore-existing /media/kazi/2025-07-12-kizingo /media/akiba/
```

Neno `--ignore-existing` huizuia amri kuandika juu ya faili iliyokwisha kuwapo. Usitumie `--delete` katika kazi hii, kwani faili uliyoifuta kwa bahati mbaya upande mmoja itafutwa na upande wa pili. Chomoa diski, ichomeke tena ili kompyuta isome diskini na si katika kumbukumbu yake, kisha hakiki:

```
cd /media/akiba/2025-07-12-kizingo
sha256sum -c --quiet SHA256SUMS
```

Amri ikimaliza bila kuandika kitu, nakala ni nzima. Chomoa diski uiweke katika kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, kwa maana hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na miguu ya chuma ya kiunganishi huanza kupata kutu bila mtu kutambua. Kuna sababu nyingine ya kuichomoa, nayo niliilipia. Jioni moja stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, na diski zangu mbili zilizokuwa zimeunganishwa na kompyuta ileile zikafa pamoja. Nilikuwa nimejihesabu kuwa na nakala mbili, ilhali mbele ya hitilafu ile zilikuwa kama moja.

Hatua ya nne: sahani, ambayo ndiyo nakala ya mbali

Sahani ya kuandikwa mara moja ni chombo cha aina ya pili kwa maana halisi: haina mota wala saketi ya kuungua, na programu haribifu haiwezi kuifuta. Ukilazimika kugawa fungu katika sahani mbili za gigabaiti 25, epuka zile zilizoandikwa LTH, kwa sababu tabaka lake la kurekodia ni rangi ya kikaboni inayodhurika kwa mwanga na joto upesi zaidi. Katika programu ya kuchomea chagua mfumo wa UDF, unaokubali faili zinazozidi gigabaiti nne. Kwa kasi ya 4x kazi huchukua kama dakika 46, na stima ikikatika katikati sahani imeharibika, hivyo mimi huchomea kwenye kompyuta ya mkononi ambayo betri yake imejaa. Itoe sahani, irudishe, na uihakiki kwa amri ileile ya `sha256sum`.

Sahani zangu huenda Voi kwa dada yangu, kiasi cha kilomita 150 kutoka hapa, ambako hewa ni kavu zaidi. Hukaa wima katika kasha zake, ndani ya kabati lisilopata jua. Kuzipakia kwenye mtandao kunawezekana, lakini kwa megabiti 5 kwa sekunde fungu moja lililojaa huchukua zaidi ya saa 21, na huduma ya kuhifadhi hulipiwa kila mwezi. Kwa kuwa fungu halibadiliki, sahani haina haja ya kurudi ili kusasishwa. Harusi 24 kwa mwaka ni sahani 24 na terabaiti moja na kidogo, kwa hiyo diski ya terabaiti 4 hunitosha zaidi ya miaka mitatu.

Hatua ya tano: kuhakiki tena, na la kufanya alama isipolingana

Kila baada ya miezi sita naziunganisha diski, moja baada ya nyingine, na kuhakiki mafungu yote. Nikienda Voi nachukua kisomaji cha sahani na kupima chache, nikianza na zile kongwe. Katika uhakiki mmoja diski ya kazi iliandika hivi:

```
./ghafi/C0017.MP4: FAILED
```

Ukubwa wa faili ulikuwa uleule na tarehe yake ileile. `rsync` kwa kawaida hulinganisha mambo hayo mawili tu, kwa hiyo isingeona tofauti yoyote. Ningeongeza `-c` ili ilinganishe yaliyomo bila kuwapo `--ignore-existing`, ingeona tofauti, kisha ingechukua faili mbovu ya diski ya kazi na kuiandika juu ya ile nzima ya akiba, kwa sababu haijui ipi ndiyo sahihi. Orodha ndiyo inayojua. Niliihakiki diski ya akiba kwanza, ikapita bila neno. Ndipo nikaipa faili mbovu jina jingine, nikanakili ile nzima kutoka akiba kwenda kazi, na kuhakiki tena.

Fungu la pili lilipotoa FAILED katika diski hiyohiyo ndani ya mwezi mmoja, nilinunua diski mpya, nikaijaza kutoka akiba, na ile ya zamani sikuiandikia tena.