Ratiba ya kuingiza watoa huduma ukumbini: nani aanze, nani afuate, na kila mmoja amalize saa ngapi

Wanakamati wenzangu, somo la leo ni kwa wale mnaosimamia kumbi au mmepewa uenyekiti wa kamati ndogo ya ukumbi kwenye harusi. Nachukua mfano wa harusi ya Dar, Jumamosi, watu 300, wageni wanaanza kuingia saa 1 usiku, ukumbi mnakabidhiwa saa 2 asubuhi, na mizigo yote inapita mlango mmoja wa pembeni, ila jikoni kuna mlango wake.

Kitu cha kwanza, usiwapigie simu watoa huduma kuwauliza "utafika saa ngapi". Ukiuliza hivyo kila mtu atakwambia saa 8 mchana, na saa 8 mchana utakuwa na Fuso la mapambo, Kenta ya viti, Noah ya dijei na kirikuu ya vinywaji zote zimeshikana getini zinapigiana honi. Anza kwa kuuliza nani anamzuia nani. Karibu matatizo yote ya ukumbini yanatokana na mtu mmoja kutangulia mahali ambapo mwenzake alitakiwa awe ameshatoka.

Hatua ya 1: panga kwa kuanzia juu kushuka chini

Vitu vya darini vinatangulia, yaani vitambaa, taa za kuning'inia, vyuma, kwa sababu vinahitaji ngazi ndefu na ngazi inahitaji sakafu tupu. Halafu steji. Halafu nyaya za mziki na taa. Halafu kapeti. Ndio zije meza na viti, vitambaa vya meza, maua, na mwisho kabisa keki.

Hapo kwenye nyaya na kapeti naomba tuelewane vizuri maana ndipo kumbi nyingi zinapoharibikia. Kama kapeti jeupe limeshatandikwa halafu dijei ndo anafika, ana njia mbili tu, aidha apitishe waya juu ya kapeti na kuubandika tepu nyeusi pale pale bibi harusi atakapopita na gauni la kuburuza, au apige magoti na wembe achane kapeti pembeni ya steji auingize kwa chini. Nimeshaona hiyo ya wembe, na mpambaji alikuwa amesimama pale pale anaangalia kapeti lake la kukodisha linachanwa, kelele zake zilisikika mpaka parking. Kwa hiyo mtu wa mziki hata kama spika zake atazipanga baadaye, nyaya zake zilale kabla kapeti halijafunguliwa.

Hatua ya 2: kila mtu mpe saa mbili, sio moja

Saa ya kwanza ni ya kufika, na iwe kipande cha muda, mfano saa 2:00 mpaka 2:30, maana foleni ya Dar haina adabu na mtu ukimwambia saa 2 kamili unajidanganya mwenyewe. Hii ni kwa ajili ya geti, ndani ya hicho kipande mlango ni wake, anashusha, gari linaondoka kwenda kupaki mbali. Saa ya pili ni ya kumaliza, na hiyo ni kwa ajili ya mtu anayemfuata. Na "kumaliza" kuandikwe kwa kitu kinachoonekana kwa macho. Usiandike "mapambo yakamilike", andika "dari limefungwa, ngazi zote zimetoka nje". Mtu hawezi kukubishia kama ngazi ipo ndani au haipo.

Hatua ya 3: rudi nyuma kutoka saa ya wageni

Wageni saa 1 usiku, basi saa 12 jioni ukumbi ufungwe, hakuna fundi ndani, ni wafagiaji tu na mtu wa kiyoyozi. Hiyo saa moja ni akiba yako, usimgawie mtu na wala usiitangaze, wakijua ipo wataila.

Ratiba yenyewe ikatoka hivi:

Mpambaji, gari la kwanza (vyuma, dari, steji): afike 2:00–2:30 asubuhi, ngazi zitoke saa 6:00 mchana.
Jenereta: 3:00–3:30 asubuhi, iwe imewashwa na kubebeshwa mzigo saa 4:30.
Mziki, taa na skrini: 4:30–5:00 asubuhi, nyaya zilale saa 7:00 mchana, mziki ujaribiwe na kuzimwa saa 9:30 alasiri.
Vinywaji (mlango wa jikoni): 6:00–6:30 mchana, kreti ziwe kwenye friji na barafu saa 7:00.
Kapeti (vijana wa mpambaji walioko ndani): waanze 7:00, wamalize 8:00 mchana.
Meza 30 na viti 300: 7:15–7:45 mchana, vikae nje kwanza, viwe vimepangwa saa 9:00.
Mpambaji, gari la pili (vitambaa vya meza na maua): 9:00–9:30 alasiri, wamalize 11:15 jioni.
Keki: 10:30–11:00 jioni, iwe imesimama na kukamilika 11:30.
Wapiga picha na emsii: 11:00–11:30 jioni.
Vyombo vya bufee (mlango wa jikoni): 10:00–10:30 jioni, meza ya bufee iwe tayari saa 12:00.
Chakula chenyewe (mlango wa jikoni): 1:30–2:00 usiku, bufee iwe ya moto saa 2:30.

Angalieni mpambaji nimemgawa magari mawili. Wengi wanakuja na kila kitu asubuhi kwenye Fuso moja, halafu waridi zinakaa kwenye ndoo pembeni ya mlango ulio wazi kuanzia saa 2 asubuhi, kwa joto la Dar mpaka jioni zimeinamisha shingo. Keki nayo vile vile, kiyoyozi kiwashwe saa 10 ukumbi upoe kabla haijaingia, kwenye ukumbi wa moto krimu ya siagi inaanza kuteleza, na njia yake nzima iachwe wazi, pana, pasiwe na mtu anabeba kiti.

Vinywaji watu wanashangaa kwa nini mchana hivyo. Kreti iliyotoka juani haipoi kwa saa moja, na friji za ukumbi ukizijaza soda za moto kwa mkupuo zinahangaika masaa. Chakula ni kinyume chake, sio lazima kiwepo wageni wanapoingia. Kama kamati inajua bufee inafunguliwa saa 3 usiku, kwa nini wali na kuku vifike saa 11 jioni vikae masaa manne? Chakula cha moto kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60 muda wote, na hotpoti kubwa likifunguliwa funguliwa halifiki huko.

Hatua ya 4: namna ya kuituma

Andika "saa 2 asubuhi", usiandike 8:00 kwenye wasap. Kuna atakayeisoma saa 2 asubuhi na kuna atakayeisoma saa 8 mchana, na wote watakuwa na meseji yako kama ushahidi. Kila mtu mtumie mstari wake pamoja na mstari wa anayemtangulia na anayemfuata, wote wapeane namba. Getini aachwe mtu mmoja mwenye karatasi, anaandika saa gari lilipoingia na lilipotoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau, Mwanza: Ukumbi wetu una kitchen party mchana inaisha saa 9 alasiri, sisi wageni saa 1. Hiyo ratiba yako tunaiwekaje?

Jibu: Haiwekeki, una masaa matatu ya kazi. Dari lisahau, labda muongee na wenye shughuli ya mchana mchangie dari, steji na kapeti, nyie mbadilishe vitambaa vya meza, maua na pazia la nyuma ya steji. Hilo pazia lifungwe kwenye fremu zake huko uani tangu saa 6, saa 9 linaingia limeshakamilika. Mziki kama mnaweza tumieni wa mtu aliyepo mchana, nyaya zake zimeshalala. Na meza muulize mapema kama mpangilio wao ni sawa na wenu, kupanga upya meza 30 kunakula saa zima.

Mdau, Dodoma: Mtu akichelewa kipande chake cha muda je? Wa kwetu wa viti alichelewa masaa mawili.

Jibu: Anapoteza zamu, hapotezi kazi. Anayefuata akiwa getini anaingia, yeye anasubiri nafasi ya wazi. Ila kama aliyechelewa ni mtu wa dari ujue ratiba yote imesogea, hapo amua mapema. Mimi huwa naweka saa ya kukata, dari likiwa halijaanza saa 4 asubuhi linafutwa, nguvu zote ziende steji. Na kwenye mkataba salio lisilipwe lote asubuhi, kipande kibaki mpaka yule wa getini athibitishe saa ya kumaliza.

Mdau, ni mpambaji: Kaka unatubana sisi. Maua masaa mawili kwa meza 30 na steji? Halafu hao wa viti wakichelewa lawama kwetu.

Jibu: Dada hoja yako ni ya haki. Vichwa vya maua vya mezani vije vimeshafungwa kutoka dukani kwako, ukumbini ni kuweka tu, hayo masaa mawili yawe ya steji na mlangoni. Na kuhusu viti, ndio maana kuna karatasi ya getini, wa viti akimaliza saa 10 badala ya saa 9 imeandikwa, na wewe saa yako ya mwisho inasogea mpaka 11:45. Zaidi ya hapo unagusa akiba.

Mdau: Ikiangukia Ijumaa?

Jibu: Usiweke saa ya kumaliza ya mtu yeyote kati ya saa 6:30 na 7:30 mchana, mafundi wako msikitini. Dari lisogeze liishe 6:15, kapeti lianze 7:45, nyaya, vinywaji na viti vinasogea na vyenyewe.

Mdau, Arusha: Hii inafaa kwa maonyesho? Tuna mabanda 40 kwenye ukumbi mmoja.

Jibu: Wazo ni lile lile ila mpangilio unabadilika, kwa maonyesho unaanza na banda lililo mbali kabisa na mlango unarudi kwenda mlangoni, la sivyo wa mlangoni wanaziba njia. Na piga hesabu ya mlango kabla ya yote. Gari moja ukilipatia dakika 20 za kushusha, mabanda 40 ni dakika 800, yaani masaa 13 na dakika 20 kwa mlango mmoja. Haiwezekani siku moja, omba mlango wa pili au uingize nusu siku moja kabla.

Mdau: Na kutoa vitu usiku?

Jibu: Nayo ipangie saa. Ketaring wanaanza mara bufee ikifungwa, kupitia jikoni. Dijei anazima, anakusanya, anatoka. Viti na meza ongea na mwenye ukumbi vichukuliwe saa 2 asubuhi Jumapili kama hakuna shughuli nyingine, ni nafuu kuliko kubishana na vijana wa kubeba saa 8 usiku. Mpambaji anaanza na vya chini, dari anashusha mwisho, na asipande ngazi kabla wageni hawajaisha ndani.