SOMO: Andiko la kumwomba bosi aanzishe blogu ya kampuni

Nimechoka kuulizwa inboksi andiko hili linaandikwaje, najibu hapa. Mfano ni wa kwetu Mtwara, tunauza mabomba ya kupulizia mikorosho na vipuri vyake.

1. Kurasa mbili, basi. Bosi hasomi ya tatu.

2. Anza na tatizo analolijua yeye. Langu: bomba likikaa stoo na petroli ndani tangu msimu uliopita, petroli inaganda kwenye kabureta, halafu kila mkulima anapiga simu "haliwaki". Fundi anaacha kazi, anaeleza yale yale.

3. Lengo. Hapa ndipo nilipoumbuka. Andiko la kwanza niliahidi wasomaji 5,000. Bosi akauliza, "Hao wamenunua nini?" Nikabaki natazama meza. Mara ya pili niliweka daftari kaunta wiki mbili, kila anayeuliza habari ya kuwaka napiga mstari: watu 38. Ndipo nikaandika lengo moja: hadi mwisho wa Juni, wateja 15 wa vipuri waseme wenyewe kwamba wamesoma makala yetu. Usiahidi wateja kutoka Google. Tovuti mpya miezi 3 ni michache mno. Kiungo tulikisambaza wenyewe kwenye magrupu ya Wasapu ya wakulima. Na hesabu ya mwanzo ichukue KABLA hujaanza, baadaye huna cha kulinganisha.

4. Bajeti: jina la tovuti na hifadhi ya mwaka 180,000, bando 90,000, posho ya fundi kukagua makala 8 ni 80,000. Jumla 350,000. Andika pia saa zako (makala moja saa 5, zote 40) na kwamba hifadhi italipiwa tena mwakani. Ukificha, atakuja kuuliza.

5. Miezi: Aprili kukusanya maswali na kuandika mbili, Mei tatu, Juni tatu na ripoti. Tulianza Aprili ili makala ziwahi kabla watu hawajatoa mabomba stoo.

MASWALI

Kijana wa Ligula: Mkuu nitumie tu hilo andiko nibadilishe jina.
Jibu: Hapana. Namba 38 ni ya kaunta yangu, si yako.

Mzee Baba: Lakini 350,000 nyingi, blogu si za bure?
Jibu: Zipo. Soma namba 4, ondoa 180,000, andika anwani ndefu ambayo mteja hataikumbuka.

Dada wa Mikindani: Asante kaka. Wasipofika 15 unafanyaje?
Jibu: Swali zuri dada. Niliandika kabisa: wakiwa chini ya 8, tunasimamisha na posho inakatwa. Bosi alisaini kwa sababu ya sentensi hiyo, alinambia mwenyewe. Walifika 11, akaongeza miezi mitatu.

Fundi Nachingwea: Kwani mnawaambia wamwage petroli tu?
Jibu: Wamwage kabla ya kuliweka stoo, kisha wawashe mpaka lizime lenyewe, kabureta ikauke.
Fundi Nachingwea: Na plagi waitoe, watie tone la oili.
Jibu: Hiyo naiweka makala ya tisa.